Kosyo inatolewa mwisho: kukagua fakture ya hospitali pale Bukavu

Jirani yangu wa Kadutu alinifuata Alhamisi moja saa nne za asubuhi, karatasi mkononi. Mtoto wake wa kiume alikuwa amepasuliwa apendisi, amepona, amevaa nguo za kurudi nyumbani, lakini bado amekaa kwenye kitanda cha hospitali. "Yaya, hebu niangalilie hii. Niko na mutuele, nilitoa kosyo ya dola mia moja, na sasa wanasema niongeze dola sabini na mbili. Mutuele inafanya kazi gani?"

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya fakturasyo, na swali hilo nalijua. Fakture ya mgonjwa mwenye mutuele, kile chama cha kuchangiana gharama za matibabu, ni hesabu nne zilizorundikwa kwenye karatasi moja: vitu alivyofanyiwa, sehemu ya mutuele, sehemu yake mwenyewe (tunayoiita tike moderateri), na pesa aliyokwisha kuitoa kabla ya matibabu, yaani kosyo. Kila moja ikiwa sahihi lakini ikawekwa pasipo pake, jumla ya chini inapotoka. Ubaya ni kwamba karatasi bado itaonekana safi kabisa. Hiyo ndiyo iliyompata jirani, na nitaieleza kwa namba zake zenyewe.

Mutuele yake inalipa asilimia 80, yeye analipa 20. Fakture aliyopewa ilikuwa hivi, kwa dola:

Fishi na konsiltasyo: 10
Ekografi: 15
Maabara: 22
Forfe ya upasuaji: 150
Anestezi: 30
Kitanda, siku 5 kwa dola 8: 40
Dawa na serumu: 61
Pansema 4 kwa dola 3: 12
Cheti cha daktari kwa ajili ya shule: 10

Jumla 350. Chini yake kumeandikwa: kosyo 100, inabaki 250. Halafu: vitu visivyolipwa na mutuele 28, vinavyolipwa 222. Mutuele 177.60. Mgonjwa alipe 72.40.

Kabla ya kugombana juu ya dawa au kitanda, tazama kwanza mpangilio wa mistari hiyo ya chini. Kosyo imetolewa kwenye jumla, kisha ndipo asilimia zikapigwa. Hapo ndipo pesa ya jirani ilipopotelea.

Kosyo ni pesa ya mgonjwa. Ameiweka kese kabla ya matibabu ili hospitali iwe na hakika kwamba sehemu yake italipwa. Si punguzo la bei, wala si zawadi kwa mutuele. Kwa hiyo lazima kwanza tujue sehemu ya mgonjwa ni kiasi gani, halafu ndipo tuondoe kile alichokwisha kulipa. Ukiiondoa juu, kwenye jumla, unaifanya deni lote liwe dogo, na mwenye kufaidika na udogo huo ni yule anayebeba asilimia kubwa, yaani mutuele. Kati ya dola 100 za jirani, dola 80 zimekwenda kupunguza mzigo wa mutuele, na 20 tu ndizo zilizopunguza mzigo wake.

Tupige upya bila kugusa kitu kingine chochote. Jumla 350. Toa vitu 28 ambavyo mutuele haivilipi, inabaki 322. Asilimia 80 ya 322 ni 257.60, hiyo ya mutuele. Asilimia 20 ni 64.40. Mgonjwa anabeba 64.40 pamoja na zile 28, jumla 92.40. Sasa ndipo tunaleta kosyo: alitoa 100, alipaswa kutoa 92.40. Hospitali inamdai senti? Hapana, hospitali ndiyo inayopaswa kumrudishia dola 7.60.

Kutoka kulipa 72.40 hadi kurudishiwa 7.60 ni tofauti ya dola 80 kamili. Haikutokea kwa bahati. Kosa la kutoa kosyo juu kila mara linakugharimu asilimia ya mutuele ukiizidisha kwa kosyo yako: mutuele ya asilimia 80 na kosyo ya 100, unapoteza 80, mutuele ya asilimia 50 na kosyo ya 60, unapoteza 30. Kwa njia hiyo unaweza kulitambua kosa hata bila kuipiga fakture nzima. Pata tofauti kati ya unachodaiwa na unachoamini ni sahihi. Ikilingana na hesabu hiyo, umejua mdudu yuko wapi.

Watu wanapoona jambo hili wanasema mara moja: wameiba. Nami nasema polepole. Tazama fakture ile ya kwanza: mgonjwa ametoa 100 na 72.40, jumla 172.40; mutuele inatoa 177.60, ukiunganisha unapata 350. Imefunga. Mama wa kese hana alama yoyote ya kumwambia kuna kosa, kwa sababu hospitali imepata pesa yake yote, haikuzidi wala haikupungua. Mara nyingi chanzo ni kwamba aliyeandika fakture amezoea wagonjwa wasio na mutuele. Kwao kutoa kosyo kwenye jumla ni sahihi kabisa, maana jumla yote ni yao. Mkono umezoea, karatasi ya mutuele ikija anafanya vilevile.

Lakini kuna namna ya pili, na hiyo ni mbaya zaidi. Hospitali inaweza kumdai mgonjwa 72.40, halafu mwisho wa mwezi ikapeleka kwa mutuele fakture ya 257.60 iliyopigwa vizuri. Hapo 172.40 ukiongeza 257.60 unapata 430 kwa matibabu ya 350. Dola 80 zimelipwa mara mbili. Njia ya kuliona hili ni moja: nakala inayokwenda mutuele na nakala anayobaki nayo mgonjwa ziwe na namba zilezile. Kwa hiyo usisaini karatasi ya mutuele ikiwa mistari ya chini ni mitupu, hata ukiambiwa kwamba itajazwa baadaye ofisini. Saini yako ndiyo inayoiambia mutuele kwamba matibabu hayo na kiasi hicho unavikubali.

Najua kwa nini watu wanasaini. Mgonjwa aliyeruhusiwa na munganga anaweza kubaki ndani kwa sababu kese haijatoa karatasi ya kutokea, na kila usiku unaopita unaweza kuongezwa kwenye fakture. Mtu akiwa na mtoto aliyechoka, na gari la kukodi linangoja barabarani, anatafuta zile dola 72 kwa shemeji na kwa jirani, analipa, anakwenda. Ndiyo maana fakture inafaa kuulizwa siku moja kabla ya kutoka. Jioni ile ya kabla, omba fakture ya muda, uiangalie ukiwa bado umetulia.

Sasa turudi kwenye mistari ya juu, kwa sababu nayo ilikuwa na mambo.

Mstari wa forfe na mstari wa anestezi havikai pamoja kwa urahisi. Forfe ni bei moja iliyofungwa kwa kazi nzima. Hospitali nyingi za Kivu ya Kusini zinaitumia kwa upasuaji wa kawaida ili familia ijue mapema itakacholipa. Ndani yake kwa kawaida mna kazi ya daktari mpasuaji, chumba cha operesheni, anestezi, uzi, glavu na vifaa. Kuna hospitali ambazo forfe yao haina anestezi, na hilo si kosa ikiwa tarifu yao inasema hivyo. Basi swali la kuuliza kwenye fakturasyo ni fupi: "Forfe hii ina nini ndani?" Halafu uombe kuonyeshwa kwenye tarifu, ile orodha ya bei inayobandikwa karibu na mapokezi au inayowekwa kwenye klaseri ya ofisi. Kwa jirani, tarifu ilisema wazi kwamba anestezi iko ndani ya forfe. Aliyeandika fakture aliipokea fishi ya daktari wa anestezi kando, akaiingiza kama kazi nyingine. Dola 30 zimehesabiwa mara mbili.

Kila uonapo forfe kwenye fakture, pita kwenye mistari inayoifuata ukitafuta watoto wake: uzi, glavu, "kiti ya operesheni" yaani fungu la vifaa, chumba cha operesheni, anestezi. Mtoto akiandikwa peke yake nje ya mama yake, uliza.

Kitanda kilikuwa rahisi zaidi. Mtoto aliingia Jumapili usiku, akatoka Alhamisi asubuhi. Alilala Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano: usiku nne. Fakture ilihesabu siku tano, kwa kuwa ilitaja Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi kila moja kama siku nzima. Hospitali nyingine huhesabu hivyo kwa kanuni yake, lakini kanuni ya hapo ilikuwa kuhesabu usiku, nayo imeandikwa kwenye tarifu ileile. Dola 8 zikaondoka.

Dawa ndiyo sehemu inayohitaji subira. Kwenye zile dola 61 kulikuwa na metronidazoli ya kupitisha kwenye mshipa, chupa 9 kwa dola 3 kila moja. Chupa tatu kwa siku, siku tatu: ndivyo daktari alivyoandika baada ya operesheni. Lakini siku ya tatu mtoto alianza kula vizuri, daktari akabadilisha, akampa vidonge. Chupa alizopata kweli zilikuwa 6. Fakture ilifuata kile kilichoandikwa kwenye ordonansi, wala si kile kilichoingia mwilini.

Kipi kinathibitisha? Kuna karatasi inayokaa kwenye kitanda au kwenye meza ya waforme, yaani wauguzi, ambayo kila dawa inayotolewa inaandikwa pamoja na saa na saini ya aliyeitoa. Hiyo ndiyo shahidi. Si neno la mgonjwa, maana mgonjwa alikuwa amelala. Si neno la famasi, maana famasi inajua tu ilichokitoa kwenye rafu. Muombe muforme mkuu wa sali akuangalizie idadi. Chupa tatu ambazo hazikutumika zilirudishwa famasi au bado ziko kwenye kabati la sali. Popote zilipo, si za mgonjwa kulipa. Dola 9.

Nami huwa naangalia dawa ghali tu na zile za kurudiwa mara nyingi. Kukesha juu ya bei ya pamba au sindano kunachosha mama wa fakturasyo, nawe unapoteza nguvu ambayo ungeitumia kwenye forfe.

Makosa matatu haya ya juu ni dola 30, 8 na 9, jumla 47. Jumla sahihi ya matibabu inakuwa 303. Lakini tazama: yote matatu yako kwenye vitu ambavyo mutuele inalipa. Kwa hiyo katika dola 47, jirani alikuwa anabeba 9.40 tu, na mutuele 37.60. Hii ndiyo sababu wenye mutuele wengi hawasomi mistari ya juu. Wanaona senti chache. Mimi naona tofauti. Mutuele si kampuni ya kutafuta faida. Tangu sheria nambari 17/002 ya 8 Februari 2017 ina misingi yake katika nchi yetu kama chama cha wanachama. Zile 37.60 zinatoka kwenye michango ya watu walewale wa parokia na wa soko la Kadutu. Na kama mkataba wako una plafo, yaani kikomo cha pesa mutuele inayoweza kukulipia kwa mwaka, kila dola iliyohesabiwa mara mbili inakula kikomo chako kabla hujaugua tena.

Kuhusu vile vitu 28 ambavyo havilipwi na mutuele: vilikuwa cheti cha shule, dola 10, na sirop ya nguvu ya dola 18 isiyo kwenye orodha ya dawa za mutuele. Vyote vilikuwa sahihi, jirani alivikubali. Ila kwenye upande huu, kila dola ni yako yote, hakuna asilimia. Kosa la dola 10 kwenye kitu kinacholipwa linakuumiza kwa 2. Kuhamishia kitu cha dola 10 upande usiolipwa kunakuumiza kwa 8 zaidi. Basi kitu chochote kikiandikwa kwamba hakilipwi, omba sababu: kiko nje ya orodha, au ni kwa sababu bon, ile karatasi ya mutuele ya kukubali kulipia, haikutaja? Ekografi mara nyingi inaangukia hapo kwa sababu daktari aliiagiza baada ya bon kutoka, na haikuongezwa. Mwakilishi wa mutuele hospitalini anaweza kuiongeza siku hiyohiyo. Ukisubiri wiki mbili, mara nyingi utaambiwa fakture imekwisha fungwa.

Mutuele ina haki zake pia. Asilimia 80 ni ya bei ilizokubaliana na hospitali kwenye mkataba wao. Ukiomba chumba cha peke yako, mutuele italipa sehemu yake ya kitanda cha sali ya kawaida, na tofauti ya bei ni yako. Michango isipokamilika, au ukienda moja kwa moja hospitali kubwa bila karatasi ya kutumwa kutoka kituo cha afya pale mkataba unapoidai, inaweza kukataa. Na kuna mikataba ambayo sehemu ya mgonjwa si asilimia bali kiasi kisichobadilika. Hapo hesabu ya asilimia haina kazi, lakini mahali pa kosyo hapabadiliki: chini kabisa.

Neno juu ya kosyo yenyewe, kwa maana jirani aliitoa kwa vipande viwili. Jumapili usiku alitoa dola 60 mkononi. Jumanne alituma faranga 112,000 kwa simu, jinsi wengi walivyozoea hapa Bukavu tangu mabenki yafungwe Februari 2025. Kese ilikuwa inabadilisha dola kwa faranga 2,800 siku hiyo, kwa hiyo ni dola 40 kamili. Ujumbe wa simu unaonyesha kwamba pesa imetoka kwako. Hauonyeshi kwamba imeingia kwenye fishi ya mtoto wako. Ndiyo maana siku ileile nenda kese, uombe resu yenye jina la mgonjwa, nambari ya fishi, faranga ulizotoa, na kiwango cha kubadilisha. Dola ikipanda au ikishuka kabla ya siku ya kutoka, kosyo inabaki na thamani ya siku uliyoilipa, nayo imeandikwa pale. Kama resu ina faranga tu, bila kiwango, siku ya kutoka mtaanza kubishana juu ya bei ya dola ya juzi, na hakuna atakayeikumbuka vizuri. Ada ya kutuma kwa simu haiingii kwenye kosyo. Hiyo ni kati yako na mtandao.

Sasa hesabu yote iliyosafishwa. Jumla 303. Visivyolipwa 28. Vinavyolipwa 275. Mutuele 220. Tike moderateri 55. Mgonjwa 55 na 28, yaani 83. Kosyo 100. Kurudishiwa 17.

Kuna mizani mbili za kujiuliza hapo, nazo ninazifanya kwa kila fakture hata leo. Sehemu ya mutuele na sehemu ya mgonjwa zikiunganishwa zirudi kwenye jumla: 220 na 83 ni 303, sawa. Kosyo na kinachobaki zirudi kwenye sehemu ya mgonjwa: 100 ukiondoa 17 ni 83, sawa. Ukipiga kwanza sehemu ya mgonjwa kabla ya kugusa kosyo, fakture ya kwanza ya jirani ingeanguka kwenye mizani hizi zote mbili, hata kabla ya kujua bei ya chupa moja. Mutuele 177.60 na sehemu halisi ya mgonjwa 92.40 zinatoa 270, wala si 350. Pengo ni 80. Kosyo 100 na salio 72.40 zinatoa 172.40, wala si 92.40, pengo ni lilelile 80.

Tulikwenda pamoja, tukapitia kwanza kwa fakturasyo, si kese. Mama wa kese hana ruhusa ya kubadilisha mstari, ukimpigia kelele unampigia mtu asiye na ufunguo. Jirani alisema kwa heshima: "Mama, tuko na swali juu ya kosyo, imetolewa kabla ya mutuele." Yule mama alitazama, akachukua kalkuleta, akanyamaza kidogo, akasema, "Ni kweli, papa." Anestezi na kitanda vilihitaji tarifu ifunguliwe. Metronidazoli ilihitaji muforme mkuu alete karatasi. Ilichukua karibu saa mbili. Ikishindikana pale, hatua inayofuata ni msimamizi wa hospitali, kisha mwakilishi wa mutuele na daktari wake mshauri. Zaidi ya hapo ni ofisi kuu ya zoni ya afya, ambayo mjini kwetu ni Ibanda, Kadutu au Bagira kulingana na hospitali ilipo. Peleka fakture ya kwanza, resu za kosyo na bon. Nakala, usitoe asili.

Kese ilimrudishia dola 17 pamoja na karatasi ya kurudishiwa yenye saini. Mtoto alikuwa amekwisha kuinuka, lakini nilimwomba jirani asubiri dakika nyingine tano: ile nakala ya mutuele ilikuwa bado juu ya meza ikisoma 177.60. Walichapa nyingine ya 220, wakaichana ya kwanza mbele yetu, ndipo akasaini.